Kupima parasetamoli kwa grafu ya kalibresheni, na kujua mstari unaishia wapi

Vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500 ni mfano mzuri wa kujifunzia kazi hii: kusoma kwa mashine ya spektrofotomita ufyonzaji wa miyeyusho ya mkolezo unaojulikana, kuchora mstari wa ufyonzaji dhidi ya mkolezo, kisha kuutumia mstari huo kupima sampuli. Dawa yenyewe inafyonza sana mwanga wa urujuanimno, na Famakopia ya Uingereza, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, imetoa thamani tunayoweza kujipima nayo: ndani ya alkali, kwenye nanomita 257, myeyusho wa asilimia 1 katika kyuveti, kichupa cha kusomea, chenye njia ya mwanga ya sentimita 1 una ufyonzaji wa 715. Myeyusho wa asilimia 1 una mikrogramu 10,000 katika kila mililita, kwa hiyo mikrogramu 1 kwa mililita inatoa ufyonzaji wa 0.0715. Iandike namba hiyo pembeni ya daftari, tutairudia. Kuanzia hapa nikisema "standadi ya 8", nina maana ya myeyusho wa kulinganishia wenye mikrogramu 8 katika kila mililita.

Hatua ya 1: Andaa standadi

Pima miligramu 100 za parasetamoli safi yenye cheti cha usafi. Iyeyushe kwa mililita 25 za sodiamu haidroksidi ya molari 0.1 ndani ya chupa ya ujazo ya mililita 100, kisha jaza maji hadi alama. Huo ndio myeyusho mama. Chukua mililita 10 zake, uzimue hadi mililita 100. Sasa una myeyusho wa kati wenye mikrogramu 100 kwa mililita.

Panga chupa nane za mililita 100. Weka ndani yake mililita 2, 4, 6, 8, 10, 12, 20 na 30 za myeyusho wa kati. Kila chupa iongezee mililita 10 za sodiamu haidroksidi ya molari 0.1, halafu jaza maji hadi alama. Hapo hesabu ni nyepesi: mililita 6 zimekupa standadi ya 6. Kiasi kidogo kama mililita 2 na 4 kipimwe kwa pipeti, si kwa bureti, maana kosa la tone moja la bureti kwenye mililita 2 ni asilimia mbili na zaidi. Pia usiizimue standadi ya 12 ili upate ya 6, kisha ya 6 upate ya 3. Ukikosea mwanzo, kosa linarithiwa na chupa zote zinazofuata na mstari bado utanyooka, kwa hiyo hutaligundua.

Alkali si ya kupamba. Ndani yake parasetamoli inapoteza protoni na kilele chake kinahama kutoka karibu na nanomita 243 hadi 257. Chupa moja ukiisahau bila alkali, itasoma chini ya wenzake na utaanza kulaumu pipeti. Ukishuku hivyo, piga skani ya chupa hiyo peke yake, yaani isome kwenye urefu wa wimbi mmoja baada ya mwingine: kilele kitakuwa kimerudi upande wa 243. Soma vilevile siku hiyohiyo, kwa kuwa ndani ya alkali parasetamoli huvunjika polepole na myeyusho uliolala huanza kugeuka rangi ya kahawia.

Hatua ya 2: Kyuveti na blanki

Tumia kyuveti ya kwatzi. Kioo cha kawaida na plastiki vinazuia mwanga kwenye nanomita 257. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipoteza asubuhi nzima kwa kyuveti za plastiki, na kilichonipoteza ni kwamba mashine haikulalamika. Nilipoweka blanki, yaani myeyusho usio na dawa, na kubonyeza sifuri, ilikubali, kwa sababu ilipiga sifuri juu ya ule mwanga kidogo uliobaki. Standadi zote zilisoma namba zinazorukaruka zisizo na mpangilio. Tangu siku hiyo napiga sifuri kwanza bila kyuveti yoyote, kisha naweka kyuveti yenye maji. Kwatzi safi itaonyesha ufyonzaji mdogo tu. Ikiruka juu sana, kyuveti si ya kwatzi au ni chafu.

Blanki ni mililita 10 za sodiamu haidroksidi hiyohiyo zilizojazwa maji hadi mililita 100. Isiwe maji matupu.

Hatua ya 3: Chagua urefu wa wimbi, kisha soma

Piga skani ya standadi ya 8 kuanzia nanomita 220 hadi 320. Kilele kikiwa 257, au jirani yake kwa nanomita moja, endelea. Tunasoma juu ya kilele kwa kuwa hapo mchoro uko karibu bapa: mashine ikikosea nusu nanomita, usomaji hautikisiki. Kwenye mbavu za kilele kosa hilohilo linakugharimu.

Anza na standadi nyepesi kwenda nzito, ukisuuza kyuveti kwa standadi inayofuata kabla ya kuijaza. Huu ndio mfano wa usomaji tutakaoufanyia kazi:

```
mkolezo   ufyonzaji
 2        0.146
 4        0.287
 6        0.433
 8        0.571
10        0.716
12        0.853
20        1.385
30        1.920
```

Hatua ya 4: Tafuta mstari unaishia wapi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Kwenye lahajedwali, weka mikolezo kwenye safu A kuanzia A2 na ufyonzaji kwenye safu B kuanzia B2, kisha andika:

```
=SLOPE(B2:B9,A2:A9)
=INTERCEPT(B2:B9,A2:A9)
=RSQ(B2:B9,A2:A9)
```

Kwa nukta zote nane utapata mteremko 0.0639, mstari utakata mhimili wima kwenye 0.054, na R² itakuwa 0.996. Watu wengi wakiiona 0.996 wanaridhika na kwenda kupima sampuli. Wewe usiende. Hesabu kwanza tofauti kati ya kila usomaji na kile mstari ulichotabiri. Kwa standadi ya 2 ni −0.036, ya 4 ni −0.023, ya 6 ni −0.004. Kisha zinageuka chanya: 0.006, 0.023, 0.032, na 0.053 kwa ile ya 20. Mwishoni, ya 30, zinarudi hasi: −0.051.

Makosa ya kawaida ya mkono hutawanyika, chanya na hasi zikichanganyika. Hizi zimejipanga kama upinde: hasi chini, chanya katikati, hasi juu. Maana yake nukta zimepinda na sisi tumezilazimishia mstari. R² haikuliona hilo kwa sababu inapima tu ni sehemu gani ya mpando wa ufyonzaji inayoelezwa na mstari, na mpando kutoka 0.146 hadi 1.920 ni mkubwa kiasi cha kuumeza mpindo huo wote.

Ondoa ya 30 na ya 20, urudie kwa B2:B7 na A2:A7. Sasa mteremko ni 0.07086, mstari unakata kwenye 0.005, na tofauti zote ziko ndani ya 0.003, alama zikichanganyika. Linganisha mteremko huo na ile 0.0715 uliyoandika pembeni: umepungua kwa chini ya asilimia moja. Mteremko wa kwanza, 0.0639, ulikuwa chini kwa zaidi ya asilimia kumi. Namba ya famakopia ilikuwa tayari inakuonya.

Madhara yake kwa jibu ni haya. Sampuli ikisoma 0.220, mstari wa nukta sita unakupa 3.03; mstari wa nukta nane unakupa 2.60. Umepoteza karibu asilimia 14 ya dawa kwenye karatasi, ilhali chupani imo yote.

Kwa nini mstari unapinda juu? Mara nyingi chanzo ni mwanga unaovuja ndani ya mashine: mwanga wa urefu mwingine wa wimbi unaofika kwenye kigunduzi bila kufyonzwa na dawa. Tuseme uvujaji ni nusu asilimia. Kwenye ufyonzaji wa 0.5, sampuli yenyewe inapitisha asilimia 32 ya mwanga, na nusu asilimia ya nyongeza haisikiki. Ufyonzaji halisi ukifika 2.1, sampuli inapitisha chini ya asilimia moja, na sasa ule uvujaji ni zaidi ya theluthi moja ya mwanga wote unaofika. Mashine inaona mwanga mwingi kuliko uliopo kweli na inasoma ufyonzaji mdogo. Hata ukiweka myeyusho mzito kama uji, mashine ya namna hiyo haitavuka takriban 2.3.

Ili ujue kama lawama ni ya mashine au ya myeyusho, isome standadi ya 30 kwenye kyuveti ya milimita 2. Njia ya mwanga imekuwa sehemu moja ya tano, kwa hiyo unategemea karibu 0.43. Ukiipata, myeyusho ni mzima na tatizo ni mashine. Ukikosa kwa mbali, rudi kwenye uzimuaji au kwenye alkali. Uvujaji wenyewe unapimwa kwa kloridi ya potasiamu ya gramu 12 kwa lita: kwenye nanomita 198, dhidi ya maji, ufyonzaji unapaswa kuzidi 2.

Kwa mashine hii, basi, mpaka wa juu ni 12. Kati ya 12 na 20 hatuna ushahidi, na mimi nisingeripoti chochote humo. Upande wa chini, mtawanyiko wa nukta kuzunguka mstari ni 0.0024, mara kumi yake ukigawanya kwa mteremko unapata 0.34. Hayo ni makadirio tu ya mkolezo mdogo kabisa unaopimika kwa uhakika. Standadi yetu ya chini kabisa ni 2, na ndipo ripoti yangu inapoishia hadi nitengeneze standadi ndogo zaidi na kuzisoma.

Hatua ya 5: Pima vidonge

Pima vidonge 20 kwa pamoja na utafute wastani. Tuchukue gramu 0.592 kwa kidonge. Visage viwe unga laini. Chukua unga wenye takriban miligramu 150 za dawa, kwa mfano huu gramu 0.1781. Ongeza mililita 50 za sodiamu haidroksidi ya molari 0.1 na mililita 100 za maji, tikisa kwa dakika 15, jaza maji hadi mililita 200, kisha chuja. Mililita za kwanza zinazochuruzika zimwage. Zimua mililita 10 hadi 100, kisha mililita 10 za hapo, pamoja na mililita 10 za alkali, hadi 100 tena. Uzimuaji huu unaiangusha sampuli karibu na 7.5, katikati ya mstari wetu.

Usomaji ni 0.524. Toa 0.005, gawanya kwa 0.07086: 7.32. Zidisha kwa 100 kwa sababu ya uzimuaji mara mbili: mikrogramu 732 kwa mililita. Zidisha kwa mililita 200: miligramu 146.5 ndani ya unga uliopima. Gawanya kwa 178.1 na zidisha kwa 592: miligramu 487 kwa kidonge, yaani asilimia 97.4 ya kilichoandikwa kwenye pakiti. Famakopia inaruhusu 95 hadi 105.

Sampuli ikisoma 1.1, usiurefushe mstari kwa rula. Chukua mililita 5 badala ya 10 kwenye uzimuaji wa mwisho, usome tena, na uzidishe jibu kwa mbili. Majibu mawili yakitofautiana, lile la uzimuaji wa pili, lililoangukia ndani ya mstari, ndilo la kuandika.