"A" au "the"? Anza na sentensi yako ya Kiswahili

Katika darasa langu la jioni la watu wazima, anayeanza Kiingereza huziacha "a" na "the" zote mbili. Ukimsahihisha, wiki inayofuata anamwaga "the" kila mahali. Simlaumu. Kwa Kiswahili, "simu" peke yake yaweza kuwa simu yoyote, au ile tunayoijua mimi na wewe. Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoamua.

Lakini namna tunazo. "Palikuwa na mzee mmoja. Yule mzee alikuwa na mbuzi." "Mmoja" anamleta, "yule" anamrudia. Hata "a" ya Waingereza ilitokana na neno lao la kale la "moja", na "the" ikatokana na kionyeshi cha namna ya "yule". Sisi tunayatumia tukitaka. Wao hawana ruhusa ya kuyaacha.

Tufanye kazi na hii: "Jana nilinunua simu. Leo simu imezimika. Fundi anasema betri imekufa."

Hatua ya 1: Je, Kiingereza kinakihesabu kitu hicho? Simu, ndiyo. Kingekuwa "water", "information" au "advice", "a" ingekuwa haina nafasi. Hiyo "an advice" naikuta madaftarini kila mara.

Hatua ya 2: Chomeka kiambishi cha mtendwa kwenye kitenzi. Ukisema "niliinunua simu", msikilizaji atadhani mlishaizungumzia. Kama hamjaizungumzia, bakia na "nilinunua simu", nayo ni "a phone". Kipimo hiki usikitumie kwa watu, maana "nilimwona mtu" tunasema hata kama mtu mwenyewe hajulikani.

Hatua ya 3: Tanguliza "ile" au "yule". "Leo ile simu imezimika" inakubali kabisa, basi andika "the phone".

Hatua ya 4, ambayo huwaangusha hata wazoefu: betri haijatajwa bado, na "ile betri" haikai vizuri, kwa hiyo wengi huandika "a battery". Jaribu "yake": "betri yake imekufa". Simu ina betri moja, na aliyesikia simu ameshaijua betri. Ni "the battery". Ila kwa viungo vya mwili Kiingereza hupenda kumtaja mwenyewe: aliyevunjika mguu, "he broke his leg".

Amebaki fundi. Kama ni fundi wa mtaani kwenu anayejulikana na unayemwambia, ni "the". Kama ulimpata tu huko mjini, ungeweza kusema "fundi mmoja", basi ni "a":

```
I bought a phone yesterday.
Today the phone shut off.
A technician says the battery is dead.
```

Na "an"? Hiyo sikiliza sauti, usitazame herufi: "an hour", lakini "a university".