Drone ya kazi Lubumbashi: kuanzia mtihani wa nadharia hadi bima, kwa mfano wa hoteli moja ya mjini

Wapiga picha wengi hapa Lubumbashi wananunua drone kwanza, kisha wanaanza kuuliza makaratasi. Matokeo yake, cheti kinasema jambo moja, barua ya ruhusa inasema lingine, na bima haijui lolote kati ya hayo mawili. Nitakuonyesha namna ya kufanya vitu hivi vitatu visomeke kama dosie moja. Nitatumia kazi ya kawaida kabisa: hoteli ya ghorofa nne katikati ya mji inataka picha za paa, bwawa na barabara inayopita mbele yake. Haya ni ya Lubumbashi. Mwenye kufanya kazi Goma au Bukavu asiyachukue kama yalivyo, maana anga la kule limebadilika sana tangu mwanzo wa 2025.

Hatua ya 1: Jua cheti kinakupa nini na hakikupi nini

Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinasema chombo kisicho na rubani ndani yake hakiruki juu ya nchi bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Kwa hiyo cheti ulichopata Ulaya au Afrika Kusini ni ushahidi kwamba unajua kazi. Si ruhusa ya kuruka Kongo. Hapa mwenye neno ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ile tunayoiita AAC, chini ya sheria nambari 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010. Kabla hujalipa shule yoyote ya drone, ya hapa au ya mtandaoni, nenda AAC na jina la cheti chenyewe, uulize kama wanakipokea kwenye dosie ya kazi ya biashara. Omba jibu la maandishi. Nimeshaona mtu anaonyesha cheti kizuri chenye mhuri wa rangi, na kumbe ni karatasi ya kuhudhuria masomo tu.

Hatua ya 2: Soma nadharia kwa kuanzia na anga la hapa

Kwa sisi tuliosoma kwa Kifaransa, mtaala wa Ulaya ndio rahisi kuupata. Mtihani wa kwanza, A1/A3, una maswali 40. Unaofuata, A2, una maswali 30 juu ya hali ya hewa, uwezo wa chombo na namna ya kulinda watu walio chini. Yote miwili inadai asilimia 75. Hata kama AAC itakudai mtihani mwingine, mambo matatu yafuatayo utayakuta.

La kwanza ni hewa nyepesi. Uwanja wa Luano uko futi 4,295 juu ya bahari, yaani karibu mita 1,300. Kwa kimo hicho joto la kawaida la vitabu ni kama nyuzi 6.5. Mwezi wa kumi, mchana, tuna nyuzi 32. Kila nyuzi moja inayozidi inaongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho drone "inahisi" iko. Nyuzi 25 na nusu zinaleta kama futi 3,000, kwa hiyo drone yako inaruka kana kwamba iko futi 7,300, au mita 2,200 hivi. Hapo hewa ina uzito wa asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Panga zinazunguka haraka zaidi kupata nguvu ileile, na muda wa kuelea unapungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo drone ambayo kijitabu chake kinakuahidi dakika 40 za kuelea, hapa hesabu 36, kisha toa asilimia 30 za akiba. Zinabaki 25, kabla upepo haujachukua chake. Ukiona sauti ya panga imepanda kuwa kali kuliko asubuhi huku drone imesimama palepale, ndiyo hiyo hewa.

La pili ni kusoma METAR, ripoti ya hali ya hewa ya uwanja. Luano inaitwa FZQA. Huu ni mfano wa mazoezi:

```
METAR FZQA 140500Z 11008KT 9999 FEW025 18/11 Q1020
```

Tarehe 14, saa 05:00 ya dunia, yaani 07:00 yetu, kwa sababu Lubumbashi iko saa mbili mbele. Upepo unatoka nyuzi 110 kwa noti 8, kama mita 4 kwa sekunde. Tunaona kilomita 10 au zaidi, kuna mawingu machache futi 2,500 juu ya uwanja, joto ni 18, umande 11, kanieneo 1020. Wanaoanguka mtihani hapa wengi wanasahau ile herufi Z mwishoni mwa saa. Ikumbuke, itakurudia kwenye barua ya ruhusa.

La tatu ni kanuni ya A2 ya mita moja kwa mita moja: ukiwa mita 40 juu, mtu asiyehusika na kazi yako awe angalau mita 40 pembeni, na kamwe asiwe karibu kuliko mita 30 kwa mwendo wa kawaida. Kanuni hii ndiyo itakayokuchagulia kimo cha kuomba.

Hatua ya 3: Pima kazi kabla ya kuandika barua

Rudi kwenye hoteli. Ghorofa nne ni kama mita 14. Mteja atakuambia "panda juu kabisa," lakini picha ya paa pamoja na bwawa inatoka vizuri ukiwa mita 40 hadi 50 na kamera imeinama. Barabara ya mbele ina teksi na wauza unga wa mahindi tangu mapema. Ukiruka mita 50 juu ya lango, unavunja kanuni hapohapo. Basi unarukia nyuma, kwenye parkingi, na barabara unaipiga kwa pembe ukiwa juu ya paa. Unaomba saa 06:00 hadi 07:30, watu wakiwa wachache.

Nchi nyingi zimeweka dari ya mita 120 juu ya ardhi, na watu huandika 120 kwa mazoea. Mimi ningeandika 60. Anayesoma barua yako anafikiria ndege zinazotua Luano. Kadiri dari yako ilivyo chini, ndivyo maswali yake yanavyopungua.

Pima pia umbali kutoka kizingiti cha njia ya ndege hadi hotelini, kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ya satelaiti, si kwa barabara. Katikati ya mji ni kama kilomita 10 kutoka Luano. Ukiwa upande wa Ruashi hesabu ni nyingine kabisa, na kazi inayochukua nusu saa mjini inaweza kukataliwa kule.

Hatua ya 4: Andika ombi la ruhusa

Barua inakwenda AAC, na nakala kwa RVA, ambao ndio wanaoongoza ndege pale Luano. Hesabu pia kwamba watu wa usalama watataka kujua, kwa sababu kamera inayoruka mjini ni jambo lao. Uliza AAC ni biro ipi ipate nakala, usianze kuzigawa mwenyewe. Ongeza barua ya mwenye hoteli inayokuruhusu kurukia kwenye kiwanja chake. Kwa kazi ya mgodini, barua ya kampuni yenye mgodi ndiyo ya kwanza kabisa.

Kiini cha ombi letu kinasomeka hivi: duara la mita 80 kuzunguka nukta moja, ukiandika viwianishi vyake, dari mita 60 juu ya ardhi, saa 04:00 hadi 05:30 za dunia, sawa na 06:00 hadi 07:30 za Lubumbashi, tarehe moja na nyingine ya akiba kama mvua itanyesha. Kisha geuza dari kuwa kimo juu ya bahari, kwa sababu mnara wa kuongozea ndege haufikirii kwa kuanzia parkingi yako. Tuseme ardhi ya hoteli iko mita 1,240: ukiongeza 60 unapata 1,300, yaani futi 4,265. Andika namba zote mbili. Malizia na aina ya drone, uzito wake, nambari yake ya seria, jina la rubani, na nakala za cheti na bima.

Nambari ya seria uinakili kutoka kwenye chombo chenyewe, si kwenye boksi. Drone iliyonunuliwa kwa mtu mara nyingi huja na boksi la nyingine.

Hatua ya 5: Bima, na ule mduara wake

Hapa ndipo watu wanazunguka: AAC inataka bima, na mwenye bima anataka kuona ruhusa. Unatoka kwenye mduara huo kwa kuchukua mkataba wa mwaka kwa jina lako na la chombo, wenye sharti kwamba kila mruko uwe na ruhusa. Sheria nambari 15/005 ya 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kwa hiyo unaweza kulinganisha kampuni. Hakikisha tu ina kibali cha ARCA, inayosimamia soko la bima.

Unachohitaji kwanza ni RC, bima ya madhara unayowafanyia wengine. Hiyo hailipi drone yako ikianguka bwawani. Hiyo ni bima nyingine, ya chombo. Soma sehemu ya yasiyolipwa kabla ya bei. Tafuta mambo manne: je, kazi iliyoandikwa ni upigaji picha wa angani kwa malipo, au ni burudani? Je, rubani ametajwa kwa jina? Akiruka msaidizi wako, bima inaweza kukataa. Je, kuruka juu ya mkusanyiko kumeondolewa? Kama ndivyo, arusi na misa za nje hazimo. Na ni kiasi gani cha hasara unachobeba mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa? Wakala akikwambia "yote imo," mwambie akuonyeshe mstari wenyewe.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kazi

Kwenye programu ya drone weka Max Altitude 60. Drone inapima kuanzia pale iliporukia, si ardhi iliyo chini yake. Ukirukia kwenye paa la mita 14, namba hiyo lazima iwe 46, la sivyo umevuka dari ya barua yako bila kioo kukuonya. RTH Altitude, kimo ambacho drone inatumia ikirudi yenyewe pale iliporukia, nayo iwe juu ya kitu kirefu zaidi ndani ya duara, hasa antena za paani, lakini chini ya dari.

Pigia mnara kabla ya kuwasha panga na baada ya kutua, ukitaja nambari ya ruhusa. Weka barua, cheti na bima mfukoni zikiwa zimechapwa, maana polisi anayesimama langoni hatasoma simu yako. Ukimaliza, andika saa za kuruka, betri na upepo kwenye daftari siku hiyohiyo. Mwenye bima ataomba daftari hilo siku ya madai, na ataanza kwa kulinganisha saa zako na zile za barua ya ruhusa.