Mwezi, mwezi wa kalenda au siku 30: chagua kimoja kwenye mkataba wa pango

Juzi niliwasaidia mpangaji wa fremu ya duka na mwenye nyumba wake. Mkataba ulianza 1 Machi 2025. Kifungu cha kwanza kilisema "miezi sita", cha malipo kikasema "siku 180". Ukihesabu siku, muda unakwisha 27 Agosti. Ukihesabu miezi, 31 Agosti. Na mwenye nyumba alishapokea kutoka kwa mtu mwingine kodi ya kuanzia tarehe 28.

1. Tafuta kila neno la muda. Kwenye Word bonyeza Ctrl+F, utafute "mwezi", kisha "miezi", kisha "siku", kisha "30", kisha "thelathini", maana ukitafuta neno moja mengine hayaonekani. Usibadilishe yote kwa mkupuo. Siku 7 za kurekebisha bomba zibaki siku.

2. Weka tafsiri moja mwanzoni. Mimi napendelea miezi, kwa kuwa kodi ya miezi 12 ikigeuzwa kuwa siku 30 mara 12 unapata siku 360, na mkataba wa kuanzia 1 Januari 2025 unaishia 26 Desemba. Maneno ninayotumia:

"Mwezi ni kipindi kinachoisha siku moja kabla ya tarehe kama ile kilipoanzia, katika mwezi unaofuata. Siku hiyo isipokuwepo, kinaisha siku ya mwisho ya mwezi huo. Miezi kadhaa huhesabiwa yote pamoja kutoka tarehe ya mwanzo."

Sheria za tafsiri za Kenya na Tanzania zinasema mwezi ni mwezi wa kalenda, lakini hizo zinatafsiri sheria zilizotungwa. Mkataba wenu usiutegemeze hapo.

3. Notisi. Hapa ndipo watu wanapogombana. Tuseme mpangaji ametoa notisi 10 Julai, na siku ya kuitoa haihesabiwi. Kwa "siku 30" anaondoka 9 Agosti. Kwa "mwezi mmoja", 10 Agosti. Kwa "mwezi mmoja kamili wa kalenda", mwenye nyumba atadai Agosti yote, hadi tarehe 31, na ana hoja, kwa sababu neno "kamili" linaweza kusomwa kuwa tarehe mosi hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo lifute, au andika wazi kwamba notisi inaisha siku ya mwisho ya mwezi unaofuata.

Siku moja tu inatosha kukuangusha. Katika kesi ya Dodds na Walker huko Uingereza, iliyoamuliwa 1981, notisi ilitolewa 30 Septemba na mpangaji alikuwa na miezi minne ya kwenda mahakamani. Alikwenda 31 Januari, akidhani mwisho wa mwezi unalingana na mwisho wa mwezi. Muda wake ulishakwisha tarehe 30.

4. Andika tarehe yenyewe ya kuisha kando ya muda. Kwenye Excel, tarehe ya kuanza ikiwa kwenye A1 na muda ni miezi sita:

```
=EDATE(A1,6)-1
```

Mkataba ukianza 31 Agosti 2025, fomula itakupa 27 Februari, wakati kwa tafsiri ya hapo juu ni 28. Ndiyo maana sikubali mkataba uanze tarehe 29, 30 wala 31: siku za mwanzo zilipiwe peke yake, muda uanze tarehe mosi.