Barua inayosema "naijua paswadi yako": ipime kabla ya kulipa

Barua hizi hufanana. Juu kabisa kuna paswadi yako. Chini yake mtu anadai ameingiza virusi kwenye kompyuta yako, amekurekodi kwa kamera ukitazama picha za ngono, na usipomlipa kwa bitkoini ndani ya saa 48 atawatumia jamaa zako video. Napima hapa moja niliyoletewa saiba na mzee mmoja wa hapa Malindi, anayepeleka wageni baharini. "Mwanangu, paswadi ni yangu kweli," aliniambia kwa sauti ya chini.

1. Anza na paswadi. Ndiyo silaha pekee aliyo nayo tapeli. Nilimuuliza mzee aliitumia wapi, akakumbuka: LinkedIn, enzi akitafuta kazi ya hoteli. LinkedIn iliibiwa mwaka 2012, na mwaka 2016 paswadi za akaunti zaidi ya milioni 100 zikatangazwa kuuzwa. Tapeli hupata orodha kama hiyo, kisha programu inapachika imeli na paswadi ya kila mtu kwenye barua ileile moja. Hajagusa kompyuta ya mtu. Ukitaka kuhakikisha, andika imeli yako (paswadi usiandike) kwenye `haveibeenpwned.com`, uone ilivuja wapi. Isipoonekana si hoja, kwani si kila wizi umeorodheshwa humo.

2. Tafuta asichokionyesha. Hakuna picha hata moja, wala jina la huyo jamaa atakayetumiwa video. Aliyekurekodi kweli angeanza na hizo. Tena kompyuta ya mzee ni ya mezani, haina kamera kabisa! Hapo ndipo alipocheka.

3. Kagua mtumaji. Kilichomtisha zaidi ni kwamba barua ilionekana kutoka kwa anwani yake mwenyewe. Anwani ya mtumaji mtu yeyote anaweza kuighushi. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua, bonyeza nukta tatu, kisha `Show original`. Yake ilikuwa hivi:

```
SPF: SOFTFAIL
DMARC: FAIL
```

Hivyo ni vipimo vya kuhakiki mtumaji, na barua haikufaulu hata kimoja. Maana yake haikutoka Gmail, na Gmail yenyewe ilikuwa imeshaitupa kwenye `Spam`. Ukiona `PASS` kwa anwani ya mtu mwingine, hilo halithibitishi madai yake. Ikiwa `PASS` ni ya anwani yako mwenyewe, tazama `Sent` na vifaa vilivyoingia kwenye akaunti.

4. Usijibu, usilipe, badilisha paswadi. Hii ndiyo hatari ya kweli: mzee alikuwa bado anaitumia paswadi ileile Facebook. Tuliibadilisha hapohapo, tukawasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Lakini kama umetumiwa picha yako halisi, au anayekutisha ni mtu mliyewahi kuonana kwa video, hilo ni jambo jingine. Usilipe, usifute chochote. Piga picha za skrini za mazungumzo na namba anayodai utumie pesa, uzipeleke polisi, ofisi ya DCI.