Kupanga saa za siprofloksasini na saa za maziwa

Mgonjwa anapofika dirishani kwangu na cheti cha siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, swali langu la kwanza huwa ni saa ngapi hunywa chai, kwa sababu hapa Mombasa chai ya asubuhi mara nyingi ni ya maziwa, na huandamana na vidonge mezani.

Kalsiamu iliyomo katika maziwa hushikana na siprofloksasini ndani ya utumbo. Kinachotokana na mshikano huo hakipenyi vyema kuingia katika damu, na sehemu hiyo ya dawa hutoka na choo bila kufanya kazi. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya yalionyesha kwamba kidonge kilichomezwa kwa maziwa au kwa mtindi kilipoteza takriban thuluthi moja ya dawa ambayo ingeingia mwilini. Mgonjwa hahisi chochote, wala tumbo halimuumi, na ndiyo maana kosa hili huendelea kwa siku kadhaa bila kugunduliwa.

Hatua ya kwanza: tambua dawa uliyopewa. Soma jina la dawa yenyewe, wala si jina la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Zinazohusika zaidi ni siprofloksasini, nofloksasini na tetrasaiklini. Doksisaiklini huathirika kwa kiasi kidogo zaidi, na mtu ambaye inamchafua tumbo anaweza kuruhusiwa kuimeza pamoja na chakula au maziwa kidogo. Amoksisilini na metronidazoli hazina tatizo hili, kwa hiyo usimnyime mtoto maziwa kwa sababu tu anatumia amoksisilini.

Hatua ya pili: tambua kalsiamu inakotoka. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ya ng'ombe kina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Kuyachemsha hakuiondoi, kuyagandisha yakawa maziwa lala hakuiondoi, na maziwa ya unga au yaliyotolewa mafuta yanayo vilevile. Tui la nazi ni jambo jingine: halitokani na mnyama na kalsiamu yake ni kidogo sana, hivyo mbaazi za nazi hazina haja ya kuondolewa mezani. Vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma, vya zinki, na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi hushika siprofloksasini kama maziwa au hata zaidi, nazo hupangiwa nafasi kwa kanuni ileile inayofuata.

Hatua ya tatu: weka saa za dawa kwanza, kisha saa za maziwa. Kanuni ninayoifuata ni kumeza siprofloksasini saa 2 kabla ya maziwa, au saa 6 baada yake. Nafasi hizo hazilingani kwa sababu dawa ikitangulia hufyonzwa upesi, ilhali maziwa yakitangulia kalsiamu hubaki utumboni kwa muda mrefu.

Tuchukue mfano wa dereva wa tuktuk wa Likoni aliyeandikiwa miligramu 500 kila baada ya saa 12 kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Yeye hunywa chai ya maziwa saa 1 asubuhi, saa 4 na saa 10 jioni, na maziwa lala kabla ya kulala. Kidonge cha kwanza tunakiweka saa 11:30 alfajiri kwa bilauri nzima ya maji, na cha pili saa 11:30 jioni. Maziwa yanaruhusiwa kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 5:30 asubuhi, kwa hiyo chai ya kwanza inasogezwa kwa nusu saa tu, na ya saa 4 inabaki ilipo. Chai ya saa 10 jioni ndiyo yenye hatari, kwa kuwa kidonge kinafuata baada ya saa moja na nusu, na mahali pake anywe chai ya mkandaa. Maziwa lala yanarudi kuanzia saa 1:30 usiku, mradi yamalizike kabla ya saa 5:30 usiku.

Asiikimbilie kahawa tungu badala ya chai hiyo. Haina maziwa, ni kweli, lakini siprofloksasini huchelewesha kafeini kutoka mwilini, na vikombe alivyozoea vinaweza kumletea mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi.

Maziwa machache yaliyomo ndani ya mlo kamili hayana uzito sawa na bilauri ya maziwa matupu, na maelekezo ya siprofloksasini yenyewe huruhusu mlo wa namna hiyo.

Hatua ya nne: ukikosea. Ikiwa umekwisha kumeza kidonge kwa chai ya maziwa, usirudie kidonge kingine papo hapo, kwa sababu huwezi kujua ni kiasi gani kimeingia. Endelea na kinachofuata kwa saa yake. Ikiwa siku 2 au 3 zimepita na homa au maumivu ya mkojo hayajapungua, rudi kwa aliyekutibu na umweleze ulivyokuwa ukipanga dawa na maziwa, maana bila habari hiyo anaweza kudhani kwamba bakteria wamekuwa sugu akakubadilishia dawa. Ukipata maumivu ya kiuno, kutapika au baridi kali, usingoje siku hizo zitimie.