Somo: Una shea bata tu, lini uongeze bidhaa ya pili na iwe ipi

Haya wapendwa, tuchukue mtu wa Dar anauza shea bata ya kupiga na miksa, kopo la gramu 200 kwa 12,000.

Hatua ya 1. Fungua wasap na meseji za malipo, andika wote walionunua mara ya kwanza miezi minne iliyopita. Mtu akipaka kila siku kopo linaisha kama wiki 6 hadi 8, kwahiyo muda wa kurudi wameupata. Tuseme walikuwa 50. Wakiwa wamerudi 8 tu usiongeze kitu, shida iko kwenye kopo lenyewe, labda lina chengachenga au linanata. Wakirudi 20, bila ofa, mi naona uko tayari. Ila Januari na joto lile bata inapoa sokoni, linganisha na Juni pia.

Hatua ya 2. Wapigie hao 20. Usiulize "nikuletee nini", watakwambia kila kitu na hawatanunua. Uliza ukitoka kuoga unapaka nini na nini. Utakuta wengi wanachanganya bata na mafuta ya nazi kiganjani maana peke yake nzito, basi bidhaa yako ni hiyo, mafuta mepesi ya mwili.

Hatua ya 3. Losheni wataiomba sana, iache kwanza. Ina maji, na penye maji bakteria na fangasi wanaota, inataka kihifadhi cha kipimo sahihi na vipimo vya maabara, la sivyo unaona vidoa vyeusi kwenye kifuniko au inajitenga. Mafuta hayana maji, ila chupa ziwe kavu kabisa.

Hatua ya 4. Chupa 40 kwa gharama ya 4,500 ni 180,000. Toa hiyo kwenye faida, ukigusa hela ya kununulia shea ya bechi ijayo umeua zote mbili. Uza kwa wateja wa zamani, bei kamili.

MASWALI

Dada, mbona sabuni hujaitaja?
— Sabuni ya magadi inakaa wiki 4 hadi 6 ikomae, hela imelala muda wote huo, na kucheza na kostiki ni fani nyingine kabisa mdogo wangu.

TBS ya bata inafunika na mafuta?
— Hapana, kila bidhaa inasajiliwa kivyake. Vipodozi vilihamia TBS 2019 kutoka TFDA, weka gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujaprinti lebo.

Mi nimeshatoa mafuta, yanaisha fasta ila bata imedoda, nifanyeje?
— Angalia majina. Kama ni walewale wamehama, na chupa inakupa faida 3,500 wakati kopo lilikupa 5,000, kila oda unapoteza 1,500. Punguza chupa iwe ndogo ya kuchanganyia, uiuze pamoja na kopo, alafu hesabu tena baada ya miezi miwili.