Kulipa deni la Ramadhani: mama anayenyonyesha ahesabu vipi siku zake na vibaba vyake

Kila mwaka, Shaaban ikiingia, wanawake wa mtaani kwetu Kirumba, Mwanza, huanza kuulizana: "Shoga, umemaliza deni?" Wengi wanajua wana siku za kulipa, lakini hawajui ni zipi zinazodai kufunga tu na zipi zinazodai kufunga pamoja na chakula cha maskini. Ninaeleza kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu huku.

Anza kwa kuandika sababu ya kila siku uliyokula, kwa maana fidia, yaani hicho chakula cha maskini, inatokana na sababu. Mgonjwa anayetarajia kupona hulipa siku kwa siku, bila chakula. Msafiri naye hivyo hivyo, mradi safari yake inafika kilomita zipatazo 80 na awe ametoka mjini kabla ya alfajiri. Meli ya Bukoba inakupa ruhusa hiyo, lakini kuvuka kwa kivuko cha Kamanga na kurudi hakukupi. Mzee asiyeweza tena kufunga, au mgonjwa asiye na tamaa ya kupona, hadaiwi kufunga: hutoa kibaba kimoja cha nafaka kwa kila siku. Mwenye hedhi au nifasi, yaani damu ya uzazi, haruhusiwi kufunga, kisha analipa siku zake bila fidia.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha ndipo watu wanapojichanganya. Akila kwa kuhofia afya yake mwenyewe, au yake na ya mtoto pamoja, anadaiwa kufunga tu. Akila kwa kumhofia mtoto peke yake, anafunga na kutoa kibaba kwa kila siku.

Nichukue hesabu ya mdogo wangu, niliyokaa naye jamvini tukaiandika kwenye daftari la mtoto wa shule. Alijifungua mwanzoni mwa Shaaban 1446. Ramadhani ilipoingia, Machi 2025, alikuwa bado kwenye nifasi, akakosa siku 6. Akatwaharika, akaanza kufunga, lakini maziwa yakapungua na mtoto akawa analia usiku kucha. Yeye mwenyewe alikuwa mzima. Akala siku 12 kwa ajili ya mtoto. Deni likawa siku 18 za kufunga, na vibaba 12 kwa zile siku za maziwa.

Tangu Mfunguo Sita mtoto alikuwa anakula uji, na mama ana nguvu zake. Hata hivyo, hadi Ramadhani ya 1447 inaingia, Februari 2026, alikuwa amelipa siku 10 tu. Zile 8 zilizobaki alikuwa na nafasi ya kuzifunga akazembea, kwa hiyo kila moja ikaongeza kibaba cha kuchelewesha. Bado anazifunga zote 8, na vibaba vimekuwa 20. Angekuwa mgonjwa mfululizo mwaka mzima, hivyo vinane visingemhusu.

Kwenye kufunga kwenyewe, angalia nia. Nia ya siku ya kulipa iwekwe usiku, kabla ya alfajiri, ukikusudia kulipa fardhi ya Ramadhani. Nimewaona wanaoamka saa mbili asubuhi, wakakumbuka hawajala, wakasema "basi leo nalipa." Siku hiyo inaweza kuwa sunna, lakini deni liko palepale. Wala usilipe siku za Idi mbili, wala siku tatu zinazofuata Idi ya kuchinja. Si lazima ufululize; Jumatatu na Alhamisi zinatosha.

Sasa chakula. Kibaba ndicho mudi, na vibaba vinne ni pishi moja, ile ile ya zakatul fitri. Kwa tahadhari tunapima robo tatu ya kilo ya mchele kwa kibaba, hivyo vibaba 20 ni kilo 15. Muuzaji akitaka kukupimia kwa sado, mwombe aweke kwenye mizani, kwani sado hujazwa kwa mkono na mkono haulingani. Toa nafaka inayoliwa hapa, mchele au mahindi. Unga hautoshi kwa Shafii, na fedha pia, kwa hiyo nunua mwenyewe au mwagize mtu akununulie. Ukiongeza fungu la dagaa kutoka Mwaloni ni sadaka njema, ila haliingii kwenye hesabu.

Mpe fakiri au maskini, asiwe mtu unayewajibika kumlisha. Kilo zote 15 unaweza kumpa bibi mmoja tu, lakini kibaba kimoja usikigawe kwa watu wawili. Mdogo wangu alimpelekea mjane wa jirani kilo 9, ndivyo vibaba 12, na kilo 6 akampa mzee mbeba mizigo asiyepata kazi tena. Alitia nia ya fidia alipokuwa akiyafunga mafuko, kisha akavikata vibaba vile 20 kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.